Kabla hujamkabidhi ndugu mtaji, tafuta biashara yenye mita

Wiki iliyopita dada mmoja anayefanya kazi Doha aliniandikia akiuliza kama amfungulie mdogo wake duka la vyakula nyumbani. Nilikawia kumjibu, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye duka langu la Korogwe, nililolianzisha nikiwa hapa Maskati na kulisimamia kupitia kaka yangu, mtoto wa mama mdogo.

Duka lile lilikufa baada ya miezi 14. Kila Jumamosi kaka alinitumia picha za rafu, na rafu zilionekana zimejaa. Nisichokiona ni kwamba nyuma ya bidhaa za mbele palikuwa patupu, na daftari la madeni lilikuwa nene kuliko la mauzo. Palipo na sukari ya kupima, mafuta ya kupima na bidhaa nyingine zaidi ya mia, hapakuwa na namba hata moja ambayo ningeiuliza kwa simu nikapata picha kamili. Mshahara nao sikumlipa, nikidhani undugu unatosha, kwa hiyo alikula dukani kama ambavyo yeyote angekula. Nilimwita mwizi, na karibu mwaka mzima hatukusemeshana. Neno lile bado linaniuma.

Tulipopatana, nilinunua mashine ya kusaga nafaka ya umeme, nikamkabidhi yeye yule yule, safari hii kwa mshahara pamoja na sehemu ya mapato. Sikuchagua mashine kwa sababu ina faida kubwa. Niliichagua kwa sababu inakula umeme wa LUKU, na LUKU ninainunua mwenyewe kwa simu kutoka huku, kisha ninamtumia kaka zile tarakimu 20 aingize kwenye mita.

Siku nilipokuwa likizo tulisaga madebe kumi ya mahindi makavu, tukasoma mita kabla na baada: uniti saba na nusu, yaani robo tatu ya uniti kwa debe moja. Pima ya kwako, kwa kuwa hutegemea mota na mashine yenyewe. Tangu hapo nikinunua uniti 300, ninajua ni madebe 400, na kwa shilingi 1,500 kila debe ninatarajia 600,000 kabla ya kutoa mishahara na matengenezo. Hata kaka akisema umeme ulikatika siku tatu hatubishani, kwa sababu uniti ambazo hazikutumika bado zimo kwenye mita.

Mwezi wa saba hesabu ilikataa. Uniti 300 ziliisha, zikaingia shilingi 495,000, sawa na madebe 330. Hasira za duka zilinipanda upya, na nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe mkali, nikaufuta. Badala yake nilimwomba apige simu ya video na kurudia kipimo cha madebe kumi mbele yangu, mita ikionekana mwanzo na mwisho. Zilitumika uniti tisa. Kama zingetumika saba na nusu kama zamani, maana yake ingekuwa mahindi yalisagwa na fedha hazikunifikia. Lakini kwa uniti tisa kila madebe kumi, uniti 300 husaga madebe 333 tu, kwa hiyo fedha za kaka zilikuwa sahihi na mashine ndiyo iliyougua. Nyundo zinazoponda mahindi ndani yake zilikuwa zimelika upande mmoja. Fundi alizigeuza upande ambao haujachakaa, na kipimo kikarudi karibu na cha awali. Mahindi mabichi yasiyokauka vizuri nayo hupandisha matumizi vivyo hivyo, basi uliza kwanza yanayosagwa ni ya aina gani.

Upo mwanya mmoja ambao sikuufahamu mapema. Msimamizi anaweza kununua uniti zake mwenyewe, akasaga na kuweka fedha mfukoni, huku hesabu ya uniti zako ikibaki safi. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi ninaomba picha ya namba nyingine ya mita, ile inayoonyesha jumla ya umeme uliotumika tangu ilipofungwa, na ninailinganisha na stakabadhi zangu. Namwambia kaka waziwazi kwa nini ninaiomba, naye hajachukia.

Dada wa Doha ameshaniuliza kuhusu kukoboa, kwa sababu wateja wengi wanataka sembe. Ni kweli, na jirani yangu mwenye kinu cha kukoboa amenichukulia wateja wengi. Lakini kinu hicho kikitumia mita moja na mashine ya kusaga, sitajua uniti ipi imekwenda wapi, na pumba zinazobaki huuzwa bila kupita kwenye mita yoyote. Kwa sasa ninasaga dona na mahindi yaliyokwisha kukobolewa kwingine, na kinu nitakifunga nitakapokipatia mita yake peke yake.