Bei ya mita moja ya kiwanja: maswali yenu na majibu

Dalali amenipeleka kwenye viwanja viwili. Cha kwanza kinatoka 15,000 kwa mita ya mraba, hakijapimwa. Cha pili 25,000, kimepimwa na kina hati. Kaka yangu anang'ang'ania cha pili. Mimi naona ananipotezea hela.

Kaka yako anaweza kuwa sahihi, ila usimkubali kwa maneno. Mwambie akae na kalamu. Ninaandika tarakimu tupu za mfano. Wewe weka za kwenu.

Tuseme cha kwanza kinatajwa kuwa na mita 600 kwa 9,000,000. Hapo ndipo 15,000 ilipotoka. Sasa mlete mpima. Akiweka bikoni na kuchora ramani anakuta ni mita 486 (kwa nini zimepungua, soma jibu linalofuata). Kisha ramani inadai upande wa mbele, wenye upana wa mita 18, uachie mita 3 za barabara. Zinaondoka mita 54, unabaki na 432. Hizo ndizo zako.

Upande wa hela, bei ya kununulia ni 9,000,000. Mpima anachukua 1,400,000. Hati, pamoja na ada zake zote, 1,100,000. Na gari halifiki: kuna mita 35 za shamba la mtu kabla ya kukuta njia. Anakubali kukuuzia ukanda wa upana wa mita 4, yaani mita za mraba 140, kwa bei ileile ya 15,000. Hiyo ni 2,100,000. Kusawazisha na kumwaga kifusi, 900,000. Jumla ni 14,500,000. Gawanya kwa 432, unapata kama 33,600 kwa mita.

Cha pili kina mita 500, bei 12,500,000, bikoni ziko ardhini na barabara iko kwenye ramani. Weka 500,000 ya kuhamisha jina. Ni 13,000,000 kugawanya kwa 500: 26,000. Kile cha "bei poa" kimekipita.

Mambo mawili yamefanya kazi hapo kwa pamoja: hela ya juu imeongezeka na mita za chini zimepungua. Watu wengi hukumbuka la kwanza tu. Wanaongeza gharama ya mpima na hati, halafu bado wanagawanya kwa mita za dalali.

Karatasi ya mauziano imeandikwa "hatua 20 kwa 30". Si ndiyo mita 600?

Sivyo. Hatua ni mguu wa mtu, na miguu haifanani. Hatua ya kawaida ya mtu anayetembea bila kujilazimisha mara nyingi haifiki mita moja. Ikiwa ni sentimita 90, hatua 20 ni mita 18 na hatua 30 ni mita 27. Zidisha: 486. Upungufu wa asilimia 10 kila upande umekula asilimia 19 ya eneo, kwa sababu unauzidisha mara mbili.

Nenda na utepe wa mita 50 na mtu wa kushika ncha ya pili. Mvutie utepe hadi ukaze, usilale juu ya majani. Pima pande zote nne, kisha pima kona kwa kona, mara zote mbili. Kiwanja cha mstatili wa 18 kwa 27 kinatoa mita 32.4 na ushee kwa kila mkato. Mikato miwili ikipishana sana, kiwanja kimelala upande, na ukizidisha urefu kwa upana utajidanganya. Cha 20 kwa 30 kilicholala hadi kona ikawa nyuzi 60 kina mita 520 tu, ingawa pande zake ni zilezile.

Kuna kiwanja nilichopimia mimi mwenyewe ambacho kona moja ilikuwa kisiki. Wiki ya pili nikakuta kisiki kimeng'olewa, na muuzaji na jirani kila mmoja anaonyesha shimo lake. Tangu siku hiyo sipimi kabla jirani wa kila upande hajasimama kwenye kona akakubali.

Muuzaji anasema njia ipo, magari yanapita kila siku. Bado niweke gharama ya barabara?

Uliza swali moja: njia hiyo imechorwa wapi? Kama imo kwenye ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, andika sifuri kwenye ununuzi wa njia na uendelee. Kama haimo, magari yanapita kwa hisani ya mwenye shamba, na siku akijenga ukuta au akimuuzia mwingine, hisani imekwisha. Hapo weka gharama ya kununua ukanda, au ya makubaliano ya haki ya kupita yaliyoandikwa na kusajiliwa.

Kisha angalia upana kwa macho ya lori. Bodi yake ina mita 2.5 hivi, bila vioo. Njia ya mita 3 kati ya kuta mbili inalipitisha likiwa limenyooka, lakini kwenye kona linakwama. Matofali na mchanga vitashushwa njia kuu na kuingizwa kwa toroli, safari kwa safari, hadi nyumba iishe. Omba bei ya kazi hiyo kwa fundi kabla hujanunua, uiongeze kwenye jumla. Na ukague njia baada ya mvua. Kiangazi kila njia ni nzuri.

Tuko majirani watano, wote hatujapima. Tukichangishana mpima inasaidia?

Inasaidia sana. Katika ile 1,400,000 ya mfano wa juu, tuseme 800,000 ni ya kumfikisha mpima: safari, vibarua, na kuunganisha eneo lenu na alama za upimaji zilizopo. Iliyobaki, 600,000, ni ya kila kiwanja: bikoni, mchoro, maombi. Mkiwa watano, 800,000 inakuwa 160,000 kwa mmoja, na kila mtu analipa 760,000. Kwa kiwanja cha mita 432 umeokoa karibu 1,500 kwa kila mita.

Hatari ni kwamba mkiingia kwenye ramani moja, mgogoro wa mpaka wa mmoja unaweza kuwasimamisha wote. Malizeni mipaka na kuisaini kabla hata senti haijatoka. Na barabara mkubaliane siku hiyohiyo, kila mmoja akijua anaachia mita ngapi.

Kiwanja kikubwa kina bei ndogo kwa mita. Nichukue hicho?

Kama utaitumia ardhi yote, ndiyo. Mpima na hati vya 2,500,000 vinaongeza karibu 5,800 kwa kila mita kwenye mita 432, lakini 2,100 tu kwenye mita 1,200, ikiwa gharama hazijapanda. Uliza hilo kwanza, maana baadhi ya ada hukokotolewa kwa thamani au ukubwa. Kama unahitaji mita 400, hizo 800 nyingine ni hela iliyolala.

"Hati iko kwenye mchakato." Niihesabu ipo au haipo?

Haipo. Omba namba ya ramani iliyoidhinishwa ukaihakiki mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi. Ikiwepo, ondoa gharama ya mpima, acha ya hati. Isipokuwepo, weka zote mbili, na kwenye mkataba zuia sehemu ya bei isiyopungua gharama hizo mpaka hati itoke. Muuzaji mwenye mchakato wa kweli atakubaliana nawe mapema.