Kupanda kunakula pumzi, kushuka kunakula mapaja

"Wakuu naombeni maelezo. Nakaa ghorofa ya tano na lifti imekufa. Barabarani natembea hata saa nzima sisikii kitu, ila hizo ngazi mapaja na makalio yanawaka moto. Alafu mwezi jana nilienda kutembea milimani Lushoto, kupanda nilihema tu, kushuka nikaona raha, siku ya pili yake nikashindwa hata kukaa chooni. Ni misuli gani hii?"

Mkuu, mi nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu sita kabla sijawa mwongoza wageni msaidizi, na njia yangu kubwa ni ile ya kupandia Machame na kushukia Mweka, kwaio hayo mapaja yako nayajua vizuri sana.

Anza na tambarare kwanza maana hapo ndo siri ilipo. Ukitembea flati mwili unapanda na kushuka sentimita kama 4 hivi kila hatua, na nguvu nyingi inajirudisha yenyewe, mguu uliotua unakuwa kama fimbo uliyoikita chini na mwili unapita juu yake kwa kubembea. Goti linakunjika kidogo tu. Kinachosukuma zaidi ni kigimbi, pale mwisho wa hatua kisigino kikishanyanyuka. Paja la mbele linashtuka kidogo mguu unapotua, basi, linarudi kupumzika, na makalio nayo karibu yamelala. Ndo maana unatembea saa nzima huku unapiga stori.

Ngazi hazina kubembea. Chukua jengo la kawaida, ngazi moja ina kama sentimita 17, ghorofa moja ina ngazi kama 18, kwaio hadi ya tano ni ngazi 90. Kama una kilo 70, mara tisini unazinyanyua zote 70 sentimita 17 kwenda juu, na kila mara ni mguu mmoja uliokunjwa ndo unabeba. Hakuna cha kukurudishia, ukishapanda umepanda.

Fanya jaribio hili sasa hivi kwenye hizo ngazi zako. Weka mguu wa kulia kwenye ngazi ya juu, kiganja kimoja kiweke juu kidogo ya goti, kingine kwenye kalio la kulia, alafu panda taratibu bila kujirusha kwa vidole vya mguu wa chini. Utasikia paja la mbele linakuwa gumu kama ubao, hilo ndo linanyoosha goti. Sekunde hiyohiyo kalio nalo linakaza, hilo linanyoosha nyonga, likisaidiwa na misuli ya nyuma ya paja. Sasa rudia ukiwa umeinama mbele kidogo tokea kiunoni kama mtu mwenye begi mgongoni, utaona kazi inahama, kalio linakaza zaidi na paja la mbele linapata nafuu. Hii ni kitu wapagazi wanaifanya bila kufundishwa na mtu. Ukimwona pota wa siku nyingi anapanda huwezi kumkuta amesimama wima kama askari wa gwaride.

Kigimbi nacho kinategemea unakanyaga nini. Kwenye ngazi unyayo unalala sawa, kwaio mzigo mkubwa uko gotini na kwenye nyonga. Kwenye mlima wa mteremko mtupu bila ngazi, kisigino kinakuwa chini kuliko vidole, kigimbi kinavutwa muda wote na hapohapo kinatakiwa kisukume, na ile kano ya juu ya kisigino inapata tabu kweli. Mgeni akianza kulalamika vigimbi na kisigino mapema, kwanza namwangalia anakanyagaje, mara nyingi anapanda kwa vidole tupu. Namwambia alaze unyayo mzima, atafute jiwe au mzizi wa kuwekea kisigino, na akate mlima kwa zigizaga, siku nyingi maumivu yanapungua bila kufanya kitu kingine.

Sasa kushuka, na hapa ndo watu wengi wanapokosea kwa kudhani kushuka ni kupumzika. Misuli mikubwa ni ileile, paja la mbele likiwa la kwanza, ila kazi yake imegeuka. Ukipanda, paja linajifupisha ili likunyanyue. Ukishuka, goti linakunjika huku uzito wote uko juu yake, na paja linatakiwa lirefuke taratibu huku linakaza ili usianguke, yaani limekuwa breki. Rudi kwenye ngazi zako, simama na mguu mmoja, shusha mwingine polepole sana hadi uguse ngazi ya chini, kiganja kikiwa palepale juu ya goti. Ule mguu ULIOBAKI juu ndo unatetemeka. Huo ndo unashusha kilo zote 70.

Kitu cha kushangaza ni kwamba msuli ukifanya kazi ya breki unatumia hewa kidogo sana. Mteremko mdogo mzuri unatumia hata pungufu kuliko tambarare, ndo maana Lushoto uliona raha, moyo umetulia, unaongea, unadhani mwili unapumzika. Ila kwa uzito uleule msuli unaorefuka unawasha nyuzi chache kuliko unaojifupisha, kwaio kila uzi unabeba sehemu kubwa zaidi huku unavutwa, na baadhi zinachanika, michaniko midogo ya kuonekana kwa darubini. Mwili ukianza kuikarabati ndo panavimba na kuuma. Haiumi palepale, inaanza kesho yake na kilele chake ni siku ya pili au ya tatu, ndo siku yako ile ya chooni, maana kukaa chooni ni kushuka ngazi kabisa, paja linarefuka na uzito juu yake.

Watu wanasema ni asidi imebaki kwenye msuli, sio kweli. Ule moto unaousikia ghorofa ya nne ndo wa kazi kali ya pale pale na ukisimama dakika chache unazima, na hiyo asidi inaondoka ndani ya kama saa moja. Haya ni maumivu mawili tofauti kabisa, la kupanda linakwambia simama, la kushuka linakaa kimya hadi kazi imeisha.

Nikupe kisa kimoja. Nilikuwa na mgeni, jamaa wa baiskeli, mapaja kama magogo, amefanya mazoezi miezi mingi. Kupanda hadi kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, alikuwa anatuacha. Usiku wa kilele akafika Uhuru, 5,895, vizuri kabisa. Sasa siku hiyohiyo unashuka hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, yaani umeshuka karibu mita 2,800 ndani ya siku moja, kwanza kwenye changarawe ambako buti linateleza, alafu mawe, alafu njia ya ngazi ngazi. Chini ya Barafu nikaanza kusikia buti zake zinagonga, PA, PA, PA, nikajua mapaja yamekwisha. Paja likichoka linashindwa kulegeza goti, mtu anaanza kutua na mguu ulionyooka, mshindo wote unaenda kwenye goti. Masikio yanakuambia kabla macho hayajaona. Kesho yake kutoka kambini hadi geti la Mweka alikuwa anashuka kinyumenyume kwenye zile ngazi kubwa, ameshika fimbo mbili.

Sikuelewa kwa nini mtu mwenye nguvu vile imkute, hadi nilipoelewa kwamba kwenye baiskeli paja linasukuma tu, halipati hata siku moja kazi ya breki. Msuli wake ulikuwa na nguvu ya kupanda, wa kushuka haukuwahi kufundishwa. Pota mwenye kilo 20 kichwani anashuka njia ileile anaimba kwa sababu ameshuka wiki mbili zilizopita. Mwili ukishaumia mara moja kwa kushuka, mara ya pili hauumii hivyo, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Mimi mwenyewe kila msimu ukianza baada ya mvua za masika, safari ya kwanza mapaja yanauma, ya pili siyasikii.

Magoti nayo yanahusika. Waliopandikizwa magoti ya bandia yenye vipimo ndani walipimwa wakitembea, na mzigo gotini ukitembea flati ni kama mara 2.5 ya uzito wako, kupanda ngazi kama mara 3, kushuka ngazi kama mara 3.5. Kwaio kama goti lako lina historia, kushuka ndo kutakusema kwanza.

Na kuna tofauti ndogo ya chini ya goti. Ukishuka ngazi unatua na sehemu ya mbele ya unyayo, kigimbi kinapokea mshindo. Ukishuka mteremko unatua na kisigino, na msuli wa mbele ya mguu, pembeni ya ule mfupa wa ugoko, ndo unashusha unyayo polepole usibamize. Ukishuka sana huo nao unauma, watu wanadhani mfupa umepata kitu.

Wakati wa kushuka hatua ziwe fupi, goti lisinyooke kabisa, mwili usilale nyuma. Kulala nyuma ndo kosa kubwa la waoga, kisigino kinateleza unakaa chini. Fimbo mbili zinachukua sehemu ya mzigo kweli, ila ziwe ndefu kidogo kuliko za kupandia, na kamba za buti zikazwe kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, la sivyo kucha zinakuwa nyeusi.

Kama unataka kurudi milimani, hizo ngazi zako ndo dawa. Shuka taratibu, hesabu mbili kila ngazi, siku ya kwanza ghorofa mbili tatu tu za namna hiyo, pumzika siku tatu nne, alafu ongeza. Usifanye hivyo siku tatu za mwisho kabla ya safari, utaanza mlima ukiwa tayari umeumia.

Ya kuangalia ni haya. Maumivu ya kawaida yako mapaja yote mawili, yametapakaa, na ndani ya wiki yameisha. Yakiwa sehemu moja, yameanza palepale, goti limevimba au linakwama, hiyo ni jeraha, kapimwe. Na ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya soda ya koka huku misuli imevimba na haina nguvu, usisubiri kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana msuli uliovunjika sana unamwaga uchafu wake kwenye damu na figo ndo zinaumia.