Sweta la Lushoto ndani ya kabati la Tanga

Kila mwezi wa Julai tunapanda Lushoto kwa mama mkwe, na kila mwaka nilikuwa nafungua begi la nguo za baridi hapa Tanga mjini huku namwomba Mungu. Mwaka juzi nilikuta sweta la sufu la mume wangu lina matundu saba, begi zima linanuka kama ghala la magunia, na kanzu yake ya Idi niliyoiweka juu kabisa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, shingoni na kwenye mikunjo. Zote nilikuwa nimezifua na kuzipiga pasi, nikazifunga kwenye mifuko ya nailoni. Sikuona nilichokosea.

Jambo nililochelewa kulijua ni kwamba sufu inakunywa maji. Sweta la nusu kilo, katika hewa ya pwani, linaweza kushika gramu 80 hadi 100 za maji, nawe ukilishika unaliona kavu kabisa. Ukilifunga kwenye nailoni likiwa hivyo, maji hayo yanabaki mle mle. Unyevu ndani ya mfuko haupati pa kutokea, na ukungu unapata kila unachotaka. Ndiyo maana vile vipakiti vidogo vya silika jeli, punje za kunyonya unyevu, vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu havikunisaidia kitu: kipakiti cha gramu moja hakibebi hata nusu gramu ya maji, ilhali sweta limebeba zaidi ya mara mia ya hapo.

Kwa hiyo siku hizi kazi yangu kubwa ni kuikausha nguo, kisha ndiyo naifunga. Nafanya hivyo Januari au Februari, kabla masika hayajaingia, na siku yenyewe nangoja saa saba mpaka saa tisa mchana, maana ndipo hewa inapokuwa kavu kuliko saa nyingine za siku. Sweta zilizofuliwa na kuanikwa kivulini zikakauka, nazitandaza kwenye viti vya gari lililoegeshwa juani, nazifunika shuka jepesi zisipauke, na vioo naviacha wazi kidole kimoja ili mvuke utoke. Saa mbili zinatosha. Mume wangu alicheka siku ya kwanza, akasema nimeanzisha usafiri wa masweta.

Zikitoka garini haziendi kitandani kungojea jioni, maana zitakunywa tena. Nazikunja papo hapo na kuziingiza kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nililotandika shuka jeupe la pamba. Pamoja nazo naweka kipima unyevu kidogo cha betri. Mara ya kwanza, kesho yake kilisoma asilimia 71. Nikatoa kila kitu, nikarudia gari, nikafunga upya, kikasoma 54. Chini ya 60 mimi naridhika. Kikikaa juu ya 65 au 70, ukungu unaweza kuota. Baada ya hapo ndipo naongeza robo kilo ya silika jeli ndani ya soksi ya pamba, ya kushika unyevu mdogo unaopenya kwenye mfuniko. Nimechagua ile yenye punje za rangi ya chungwa, ambazo zikilowa zinageuka kijani. Zikigeuka nazikausha kwenye ovena kwa moto mdogo mpaka rangi irudi.

Nguo ya kuvaa kila wiki sitaki kuifungia hivyo. Inakaa kabatini ikining'inia, zikiachiana nafasi, na kabati lenyewe nimelisogeza upana wa kiganja kutoka ukutani, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Na nguo iliyopigwa pasi ya mvuke inakaa nje saa kadhaa kwanza.

Sasa yale matundu. Kipepeo wa nondo hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake. Anapenda sufu, hariri, manyoya na nywele, vitu vilivyotoka kwa mnyama, na anapenda zaidi penye jasho au tone la mchuzi. Pamba safi na poliesta hana haja nazo. Ukitaka kujua kama ni yeye, geuza nguo kwenye mwanga: utaona utando mwembamba karibu na tundu, na punje kama mchanga zenye rangi ile ile ya nguo, kwa sababu hicho ndicho alichokula. Na vile vifuko vya kijivu, bapa kama mbegu ya tango, vinavyojikokota ukutani, wengi tunavifagia bila kuvijali. Ndani yake kuna kiwavi wa jamii hiyo hiyo. Nikiviona karibu na kabati siku hizi, kabati linatolewa nje na pembe zote zinafagiliwa, pamoja na nyuzi za buibui, maana nazo ni chakula chake.

Sweta lenye matundu nililiweka kwenye friza. Mifuko miwili ya kubana, kwa sababu ya samaki, hewa nimeitoa, joto la nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki nzima. Likitoka, mfuko haufunguliwi mpaka upoteze ubaridi wote. Ukiufungua mapema, umande unaingia kwenye sufu na unakuwa umerudi ulikoanza. Karafuu na majani ya mwarobaini nimejaribu. Zinanukia vizuri, lakini kiwavi aliyekwisha ingia anaendelea kula, na mwarobaini uliacha alama kwenye shali langu.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini sivitumii kabisa, na hapa sina mzaha. Pwani kwetu, kama kwingine kulikokaa na malaria miaka mingi, kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi wao hawajui. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa au akifunikwa nguo zilizokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata manjano na upungufu mkubwa wa damu.

Imebaki kanzu. Unjano wake ulikuwa wa aina mbili. Wa shingoni ni jasho na mafuta ya mwili: hayaonekani siku ya kufua, yakikaa miezi na hewa yanageuka rangi. Kanji na manukato nayo yanafanya vivyo hivyo, kwa hiyo kanzu ya kuhifadhi haipati kanji, na udi naifukiza asubuhi ya kuivaa, si siku ya kuiweka. Unjano wa kwenye mikunjo ulikuwa na umbo la mfuko wa dobi. Baadhi ya plastiki zina dawa ndani yake inayohamia kwenye kitambaa na, ikikutana na moshi wa magari au jiko, inageuka njano. Tangu hapo kanzu inavishwa foronya kuukuu ya pamba, iliyosuuzwa mara tatu.

Kanzu yenyewe niliiloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye dawa ya madoa ya unga, ile ya oksijeni, kisha nikaianika juani. Mikunjo ilitakata yote. Jiki niliiacha, na kwenye sufu usiithubutu hata tone, inayeyusha nyuzi. Shingoni pamebaki kivuli, ukisogea karibu unakiona, kwa hiyo ile kanzu sasa ni ya Ijumaa za kawaida.