Mwanangu anakwenda Glasgow na mimi naihofia Disemba

Viza ya binti yangu imetoka wiki iliyopita, alhamdulillahi, anaondoka Septemba kwenda Glasgow kusoma masta ya afya ya jamii. Tangu habari zienee hapa Mkomani kila mtu ana wasia wake, mwengine anamwambia akanunue makoti Kongowea, mwengine nyama asile ovyo, mwengine achunge marafiki. Yote sawa. Lakini mimi nishawahi kuishi kule na kuna jambo sijamsikia mtu akilitaja, ndio nikamuandikia hii barua, na nimeiweka hapa kwa sababu najua mko kina mama wenzangu mnaofunga mabegi msimu huu.

Mwanangu,

Baridi siihofii sana kwa sababu baridi ina koti. Ninachokihofia ni giza. Wewe umezaliwa Lamu, jua linatua saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hujawahi kuona magharibi ikihama. Glasgow mwisho wa Disemba jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na ikifika saa kumi kasorobo jioni limeshazama, na hayo masaa saba yenyewe siku nyingi ni mawingu na mvua.

Unajua nilikwenda kaskazini ya Uingereza kusomea uuguzi ukiwa mdogo, ukabaki kwa bibi yako. Hili sijakuhadithia lote. Oktoba nilikuwa mzima kabisa, nasoma, nacheka na wenzangu. Kufika Januari nikawa napanda ngazi za hosteli huku nimeshika ukuta, mapaja yanauma, nyonga zinauma, usiku nikigeuka mbavu zinauma kwa kugusa godoro tu, nalala masaa kumi naamka nimechoka. Natoka asubuhi giza, narudi giza, na nikiwa nje nimejifunika mwili mzima kama tunavyojifunika. Nikamueleza msimamizi wangu wa masomo, akanambia wanafunzi wa kigeni wote huwa hivyo, nitazoea. Mpaka leo naliona lile neno kama kufungiwa mlango. Huku nyumbani nako wakasema nimepigwa jicho, khaleti yako akanitumia kombe kwa mtu aliyekuwa anasafiri, na nililinywa kwa imani maana dua ni dua. Lakini maumivu yalibaki mpaka nikaenda kwa daktari, akanitoa damu, majibu yakarudi vitamini D iko chini kabisa. Akanipa vidonge vikali vya kumeza mara moja kwa wiki kwa muda, halafu vidogo vya kila siku, na kidogo kidogo nikarudi kupanda ngazi bila kushika ukuta. Masomo nilimaliza, na cheti unakiona pale ukumbini.

Sasa sikiliza sababu yake. Ngozi inatengeneza vitamini D yenyewe ikipigwa na jua, lakini jua la kule kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi linakaa chini sana mbinguni, ile miale inayohitajika haifiki, hata ukae nje mikono wazi haikusaidii kitu. Ngozi nyeusi kama yetu inahitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe, na sisi juu yake tunajistiri, kwa hivyo hata majira ya joto hatupati ya kutosha. Wizara yao ya afya yenyewe inawashauri watu wote wafikirie kumeza maikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na kwa watu weusi na wanaojifunika inawashauri mwaka mzima. Maikrogramu 10 ni sawa na yuniti 400, kwenye kichupa utaona imeandikwa moja kati ya hizo mbili au zote. Vinauzwa duka lolote la dawa na hata supamaketi, bei rahisi. Chagua vile vya tembe kavu, kwa sababu vile laini vya kung'ara vingi vimetengenezwa kwa jelatini na mara nyingi ni ya nguruwe, soma kile kikaratasi mpaka mwisho. Na usijiongezee ukidhani vingi ndio bora, ukipitisha maikrogramu 100 kwa siku kwa muda mrefu madini ya chokaa yanazidi kwenye damu na figo zinaumia. Anza siku ile ile unayofika, usingoje kuumwa.

Ukianza kuona mapaja na nyonga zinauma, ngazi zinakuwa ngumu na huna homa wala hukuanguka, nenda kwa daktari umwambie wazi nataka nipimwe vitamini D, najifunika na natoka pwani ya Kenya. Usingoje akuulize. Ada ya afya umeshailipa pamoja na viza, na Skotilandi dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi, kwa hivyo usiwe na haya. Ila lazima uwe umejiandikisha kwenye kliniki ya mtaa unaoishi.

Na huzuni mwanangu, hiyo ni mlango mwengine, vidonge hivi havitibu huzuni. Mtu akikumbuka nyumbani analia usiku, asubuhi anakula anakwenda darasani. Lakini ukiona wiki mbili nzima hutaki kutoka kitandani, hutaki kujibu wasapu, unatamani vyakula vya wanga tu na vitabu vinakuchukiza, huo ni ugonjwa una matibabu yake na daktari ni yule yule. Toka nje kila asubuhi kukishapambazuka hata kama kuna manyunyu, utembee nusu saa, ule mwanga mdogo ndio wanaoupata wote na wanaishi.

Kitu cha sala nacho nakiweka hapa kwa sababu ndicho kilichonivuruga mwanzo. Hapa baina ya adhuhuri na alasiri unapata kula na kulala. Kule Disemba adhuhuri inaingia kama saa sita na robo, alasiri kabla ya saa nane, magharibi saa kumi kasorobo, yaani sala tatu zinakuja zimefuatana na wewe uko maabara au darasani. Ratiba za misikiti ya kule nyingi zinaandika alasiri mbili, ya kwanza na ya pili, kwa sababu waumini wengi ni Wapakistani na wao ni Mahanafi. Sisi Mashafii tunafuata ile ya kwanza, usiisubiri ya pili ukafikiri ndio imeingia sasa, utajikuta umebanwa na magharibi. Uliza mapema chumba cha kuswalia kiko jengo gani. Ramadhani itakuja mwanzo wa Februari 2027, saumu zako za mwanzo zitakuwa fupi kuliko zetu, hilo silihofii. Juni ndio kinyume, jua linatua saa nne usiku imepita, hapo uwaulize wenyeji wa msikiti wa pale wanafuata hesabu gani ya isha na alfajiri.

Mwisho wa Oktoba wao wanarudisha saa nyuma, tutakuwa tumepishana masaa matatu. Nikimaliza isha hapa saa mbili usiku kwako ni saa kumi na moja jioni na giza limeshakuingia zamani, huo ndio wakati nitakaokupigia, kila siku, washa vidio nikuone uso. Sauti unaweza kunidanganya.

Nimekuridhia mwanangu, radhi zangu zote, za maziwa na za usiku niliokesha, nakwambia mbele ya watu wote wanaosoma hapa. Mungu akuhifadhi kwenda na kurudi, akupe elimu yenye manufaa, akukutanishe na watu wema. Bibi yako anasema amin na anakuuliza leso utabeba ngapi. Beba zote. Na wiki ya kwanza, kabla hujanunua hata sufuria, nenda kliniki ukajiandikishe, unitumie picha ya ile barua yao.

Mamako