Mtihanini, uliza kwanza mashine inakumbuka nini

Wadogo zangu mnaoanza somo la nadharia ya ukokotozi, nianze na kilichonigharimu mimi. Mtihani wangu wa kwanza wa somo hili ulikuwa na swali lenye lugha sita, yaani makundi sita ya maneno. Kwa kila lugha ulitakiwa useme kama ni regula, kama ni lugha isiyotegemea muktadha, au kama si yoyote kati ya hizo, kisha uthibitishe. Lugha ya kwanza ilikuwa hii: maneno yote ya herufi a na b ambayo ndani yake "ab" inatokea mara sawasawa na "ba". Nikaona neno "sawasawa", nikakimbilia lema ya pampu, ile inayosema kwamba kila neno refu la lugha regula lina kipande unachoweza kukirudia au kukiondoa bila neno kutoka nje ya lugha. Nikachagua neno, nikaligawa, nikalipampu, likabaki ndani ya lugha. Nikachagua jingine, hivyohivyo. Dakika 25 zikaisha. Lugha ile ilikuwa regula, na mimi nilikuwa nahangaika kuthibitisha uongo.

Tangu siku hiyo sigusi karatasi ya majibu kabla sijajibu swali moja pembeni: mashine inayosoma neno hili herufi moja moja kutoka kushoto, bila kurudi nyuma, inalazimika kukumbuka nini? Kama vitu vya kukumbuka vina idadi isiyoongezeka hata neno likiwa refu namna gani, lugha ni regula. Kama kumbukumbu inakua na neno, lakini unaweza kuipanga kama sahani, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa, basi rundo moja linatosha na lugha haitegemei muktadha. Kama hata rundo halitoshi, iko nje ya zote mbili. Hayo ni makisio tu, lakini makisio hayo ndiyo yanakuambia uthibitisho gani uandike.

Turudi kwenye lugha iliyonishinda. Soma neno lolote la a na b huku unaangalia mahali herufi inapobadilika. Ukitoka a kwenda b, badiliko linalofuata haliwezi kuwa jingine ila b kwenda a. Kwa hiyo "ab" na "ba" zinapokezana, na tofauti ya idadi zake haizidi 1 kamwe. Zinakuwa sawa pale tu neno linapoanza na kuishia kwa herufi ileile, au likiwa tupu. Mashine inahitaji kukumbuka herufi ya kwanza na herufi iliyosomwa mwisho, basi: hali 5, ukihesabu ile ya kuanzia. Sasa ongeza herufi c kwenye alfabeti uone. Mara moja unaweza kuandika "abc" mara elfu bila "ba" hata moja, tofauti inakua bila kikomo, na uregula unapotea. Ndiyo maana nawasihi msome alfabeti kabla ya kusoma sharti. Sharti ni lilelile, lugha ni mbili tofauti.

Kuhusu alfabeti, kuna njia fupi ambayo wengi hawaikumbuki. Lugha ikiwa na herufi moja peke yake, hakuna daraja la katikati: kutokana na nadharia ya Parikh, kila lugha ya herufi moja isiyotegemea muktadha ni regula pia. Hivyo unaangalia urefu wa maneno tu. Baada ya mwanzo fulani, urefu huo ukijirudia kwa mzunguko maalumu, kama a^(3n+2), yaani a iliyoandikwa mara 3n+2, ni regula. Ukiwa na mapengo yanayozidi kupanuka, kama a^(n^2), si regula na rundo halitaiokoa.

Kwa lugha zenye herufi mbili au zaidi, chora pinde. Andika neno moja la mfano pembeni, halafu unganisha kwa upinde kila sehemu mbili zinazotegemeana. Chukua a^n b^m c^m d^n. Upinde wa b na c unakaa ndani ya upinde wa a na d, kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Rundo linafanya kazi hiyo bila shida: weka a zote, weka b juu yake, c zikija ondoa b, d zikija ondoa a. Sasa badilisha mpangilio kidogo: a^n b^m c^n d^m. Pinde zinakatana. C zinapofika zinataka kulinganishwa na a, na a ziko chini ya b. Huwezi kuzifikia bila kuzitupa b ambazo bado d zinazihitaji. Lugha hiyo si ya rundo.

Jambo hilohilo linatofautisha kioo na marudio. Neno la kioo, linalosomeka sawa kutoka pande zote mbili kama "ama" au "ana", lina pinde zilizo ndani kwa ndani. Neno la marudio, la umbo ww, kama "baba", "dada" au "polepole", lina pinde zinazokatana: herufi ya kwanza ya nusu ya pili inaitafuta herufi iliyo chini kabisa ya rundo. Kwa hiyo maneno ya kioo ni lugha isiyotegemea muktadha, na lugha ya ww yenye herufi mbili au zaidi siyo.

Hapa lazima nitahadharishe, kwa sababu pinde zina mahali zinapodanganya. Soma kwa makini sana maneno "na", "au" na "si" kwenye sharti. Katika a^i b^j c^k, "i=j na j=k" hailingani na rundo, kwa kuwa b zimeshatumika kufuta a na hakuna kilichobaki cha kulinganisha na c. Lakini "i=j au j=k" ni ya rundo kabisa, maana mashine inaruhusiwa kubahatisha mwanzoni ni ulinganisho upi itaufanya. Na "si" ndiyo yenye mtego mkubwa. Ukiambiwa uchukue maneno yote ambayo SI ya umbo ww, mkono unataka kuandika "si ya rundo, kama mwenzake". Kumbe ni ya rundo, na sarufi yake ni fupi:

```
S -> AB | BA | A | B
A -> XAX | a
B -> XBX | b
X -> a | b
```

A inatoa maneno ya urefu witiri yenye a katikati, B vivyo hivyo kwa b. Ukiyaunganisha mawili ya aina tofauti, ile a ya katikati na ile b ya katikati zinaangukia nafasi ileile katika kila nusu ya neno zima. Hesabu mwenyewe kwa urefu 3 na 5: a iko nafasi ya 2, b iko nafasi ya 6, na nusu ya neno ni 4. Kuthibitisha kwamba nusu mbili ni sawa kunahitaji kulinganisha kila herufi, ila kuthibitisha kwamba zinatofautiana kunahitaji tofauti moja tu. Basi usiandike kamwe kwamba kijalizo cha lugha isiyotegemea muktadha, yaani maneno yote yasiyomo ndani yake, nacho ni hivyo. Kwa lugha regula ni kweli, kwa hizi siyo.

Makisio yakishakaa, ndipo uthibitisho. Nitawaonyesha lugha moja niliyokutana nayo baadaye, kwa sababu inaonyesha kwa nini siianzi na lema ya pampu siku hizi. Maneno ni a^i b^j c^k, na sharti ni: kama i=1, basi j=k.

Pembeni niliandika: a ikiwa moja, mashine ihesabu b na kuzilinganisha na c. Kumbukumbu inakua, upinde ni mmoja. Makisio: si regula, ni ya rundo. Upande wa rundo ni mwepisi. Lugha hii ni muungano wa sehemu mbili: maneno ya a b^n c^n, ambayo ni ya rundo, na maneno ambayo i si 1, ambayo ni regula. Muungano wa lugha zisizotegemea muktadha unabaki humohumo. Mistari miwili, umemaliza.

Ila kuonyesha kwamba si regula kwa lema ya pampu hakuwezekani. Lugha hii inaitii lema ijapokuwa si regula. Neno likiwa na a moja, pampu hiyo a: zikiwa sifuri au mbili na zaidi, sharti halikuhusu tena. Likiwa na a mbili, zipampu zote mbili kwa pamoja, hutapata moja kamwe. Zikiwa tatu na zaidi, pampu moja. Zisipokuwepo, pampu herufi ya kwanza yoyote. Mtu anaweza kukaa hapo saa nzima akitafuta neno litakalovunjika, na halipo.

Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni chujio. Chukua maneno ya lugha yako yaliyomo pia katika ab*c*, yaani a moja, kisha b zozote, kisha c zozote. Kinachobaki ni a b^n c^n. Lugha yako ingekuwa regula, kilichochujwa kwa regula kingekuwa regula pia, na a b^n c^n siyo. Chujio linafaa pia kwa rundo: maneno yenye idadi sawa ya a, b na c kwa mpangilio wowote, ukiyachuja kwa a*b*c*, yanabaki a^n b^n c^n, inayojulikana kwamba si ya rundo. Sharti ni moja, chujio lenyewe liwe regula. Ukichuja lugha ya rundo kwa lugha nyingine ya rundo, huna hoja.

Ya pili ni ya vianzio, kutokana na nadharia ya Myhill na Nerode, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Tafuta vianzio vya maneno, vya idadi isiyo na mwisho, ambavyo kila viwili vinatofautishwa na kimalizio fulani. Hapa ni ab, abb, abbb na kuendelea. Ukichukua ab^m na ab^n zenye m na n tofauti, ongeza c^m: la kwanza linaingia kwenye lugha, la pili linakataliwa. Mashine ingelazimika kuwa na hali tofauti kwa kila kianzio, na vianzio havina mwisho. Tofauti na lema ya pampu, njia hii haina lugha inayoiponyoka: kama lugha si regula, vianzio hivyo vipo. Ukivitafuta kwa dhati ukavikosa, rudi pembeni, kuna uwezekano lugha ni regula na makisio yako ndiyo yenye kasoro.

Kwa muda, mimi hutumia dakika 2 za pembeni kwa kila lugha kabla ya kuthibitisha hata moja, na naandika makisio ya zote sita kwanza. Lema ya pampu naiacha kwa lugha za nje ya rundo ambazo chujio halikunipa a^n b^n c^n, a^n b^m c^n d^m wala nyingine tuliyokwisha kuithibitisha darasani.