Njia ya nne haitakiwi kuonewa: jinsi ya kupima kiwanja cha riadha cha shule

Habari za wikiendi, ndugu zangu. Juzi mwalimu mwenzangu wa Nachingwea kaniandikia ujumbe mrefu. Shuleni kwao wamesafisha kiwanja cha mita 140 kwa 60, wanataka kiwanja cha riadha cha mita 300 chenye njia nne, na mkuu wa shule anauliza kifusi cha kumwaga kitagharimu tipa ngapi. Mwishoni akauliza: "Mwalimu, mkimbiaji wa njia ya nne nimsogeze mbele hatua ngapi?" Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, maana lina kidonda changu ndani yake.

Nafundisha hisabati na michezo huku Masasi. Miaka ya nyuma nilipeleka binti mmoja kwenye mashindano ya shule, mbio za mita 400, kwenye kiwanja kamili cha mita 400. Alipangiwa njia ya nne. Nilipoangalia alama za kuanzia niliona haziko sawa, nikapima kwa futikamba. Kutoka njia ya kwanza hadi ya nne walikuwa wamemsogeza mita 11 na nusu tu. Anastahili mita 23. Nilimfuata msimamizi nikiwa na karatasi yangu ya hesabu, akaniambia hizo ni hesabu za darasani, hapa ni uwanjani. Binti yule alikimbia mita 11 na nusu zaidi ya wa njia ya kwanza, na bado akashika nafasi ya pili kwa kuachwa hatua mbili. Mwenzake akaenda mkoani, yeye akarudi nyumbani. Hadi leo nikikumbuka roho inaniuma.

Sasa tuingie kwenye kiwanja cha mwenzetu. Kina minyooko miwili, yaani sehemu zilizonyooka, na kona mbili za nusu duara zinazoiunganisha.

Upana wake ni mita 60. Njia moja ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo njia nne ni mita 4.88 kila upande. Nilimshauri nusu duara la ndani kabisa liwe na nusu kipenyo cha mita 24. Ukiongeza njia zote, nusu kipenyo cha nje kinakuwa mita 28.88, na upana wote mita 57.76. Anabakiwa na zaidi ya mita moja pembeni kila upande, inatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mita 300 hazipimwi juu ya mstari wa ndani, kwa sababu hakuna anayekimbia juu ya mstari. Kama mstari umechorwa kwa chokaa tu, unapima sentimita 20 nje yake. Kama kuna ukingo ulioinuka, sentimita 30. Kiwanja chake ni cha chokaa, kwa hiyo nusu kipenyo cha kupimia ni mita 24.20. Nusu duara mbili zikiunganishwa ni duara moja zima, na mzingo wake ni 2 × 3.1416 × 24.20, yaani mita 152.05. Toa kwenye 300, zinabaki 147.95. Gawa kwa mbili: kila mnyooko ni mita 73.97. Urefu wote wa kiwanja, pamoja na kona zote mbili, unakuwa 73.97 + 28.88 + 28.88, yaani mita 131.73. Kwenye mita 140 unaingia.

Angalia pia jambo ambalo wanafunzi wangu hulikosea kila mwaka: kipenyo kinachotenganisha mnyooko na kona hakimo kwenye mzingo. Hakuna mkimbiaji anayekatiza pale. Wao huchukua mzingo wa mstatili mzima, wakaongeza na duara.

Kuhusu kifusi, usihesabu kiwanja chote, maana katikati unaacha nyasi. Unataka eneo la njia peke yake. Minyooko miwili ni 2 × 73.97 × 4.88, sawa na mita za mraba 722. Kona mbili ni duara kubwa kutoa duara dogo: 3.1416 × (28.88² − 24²), sawa na mita za mraba 811. Jumla 1,533. Kuna mtu atatoa kwanza, 28.88 − 24, halafu akapiga mraba hiyo 4.88. Atapata mita za mraba 75 kwenye kona badala ya 811, na kifusi kitaisha kabla hajamaliza hata kona moja. Mraba kwanza, kutoa baadaye.

Njia ya kujihakiki ni rahisi: pima mstari wa katikati ya njia zote, wenye nusu kipenyo cha 26.44. Mzingo wake ni mita 314.07. Zidisha kwa upana 4.88, unarudi kwenye 1,533 ile ile. Kifusi cha unene wa sentimita 5 ni mita za ujazo 77 hivi. Tipa ya mita za ujazo 7 itakwenda safari 11, na hapo ongeza kidogo kwa sababu kifusi kikishindiliwa kinashuka.

Sasa njia ya nne. Kutoka njia moja kwenda inayofuata, nusu kipenyo kinaongezeka mita 1.22, lakini mnyooko hauongezeki hata sentimita. Kwa mzunguko mmoja mzima tofauti ni 2 × 3.1416 × 1.22, yaani mita 7.67. Ile 24 haipo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo kiwanja kiwe cha mita 300 au 400, kwa mzunguko mmoja kila njia inasogezwa mita 7.67, na ya nne mita 23 kutoka ya kwanza. Mbio zenye kona moja tu ni nusu yake, mita 3.83. Wale waliomwonea binti wangu walichukua kipimo cha kona moja wakakitumia kwenye kona mbili. (Penye ukingo ulioinuka njia ya pili inasogezwa mita 7.04, kwa kuwa njia ya kwanza pekee ndiyo inayopimwa kwa sentimita 30.)

Walimu wenzangu, tusikubali kupanga watoto kwa hatua za miguu. Hatua yako si yangu, na mtoto hapati mbio za pili.

Kwenye kuchora, piga vigingi viwili kwenye vitovu vya nusu duara, umbali wa mita 73.97. Kuzungushia kona usitumie kamba ya nailoni, inavutika: ikivutika sentimita 10 tu, mzunguko unaongezeka sentimita 63. Tumia waya au futikamba ya chuma. Kabla ya kumwaga chokaa, hakikisha pembe za mstatili wa ndani ni mraba kwa kupima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Vipimo vyote viwili visome mita 88.18. Vikitofautiana, minyooko imepinda, na kona haitaungana nayo vizuri.

Ukimaliza, vuta futikamba kwenye njia ya nne, sentimita 20 nje ya mstari wake wa ndani, kutoka alama ya kuanzia hadi mstari wa kumalizia. Lazima isome 300. Ikisoma 311 na nusu umeweka kipimo cha kona moja, futa alama upime upya. Ikisoma 323 hujamsogeza kabisa.