Kuomba kuazima drili kwa jirani bila kukunjiwa sura

"Wakuu, jirani yangu ana vifaa vyote vya ufundi ila nikienda kuazima naona aibu naanza kujikanyaga, mwishowe naondoka bila kusema kilichonileta. Mtu mwingine akienda anatania kidogo anapewa. Mnafanyaje?"

Mkuu nikupe yangu, maana nimewahi kunyimwa kwa sababu ya utani na nimewahi kupewa kwa sababu ya utani huohuo.

Nilikonyimwa ni nyumba niliyopanga zamani. Jamaa alikuwa na toroli, mimi nina mchanga umemwagwa getini na wenye magari wanapiga honi. Nikamfuata anaosha pikipiki, nikamwambia kaka hilo toroli umelitunza kuliko mahari ya binti yako, tusaidie basi. Alicheka, ila mkono haukuacha kusugua rimu wala hakuniangalia. Akasema lina pancha. Jioni nikaliona limebeba madumu ya maji matano, tairi limejaa kabisa! Kosa langu ni kwamba nilimtania yeye, tena ubahili, kitu ambacho pengine majirani walishamsema. Ukienda kuomba wa kuchekwa ni wewe mwenyewe au shida yako, sio mwenye kifaa.

Sasa hapa ninapokaa jirani ni mzee wa Kihehe na mimi Mngoni. Wanaojua wanajua, hawa walipigana vita karne ya 19 na leo ni watani, anaweza kukutukana babu yako mbele za watu na ukacheka. Siku hiyo mke wangu kaleta mapazia, ukuta wa zege, nimepiga misumari minne yote imepinda. Nikatoka na msumari mmoja uliopinda mkononi. Nikaanza na shikamoo mzee, maana utani haufuti umri, nikauliza habari za nyumbani, nikangoja ajibu mpaka mwisho. Ndio nikamwonyesha ule msumari, nikasema mzee babu zetu walikuja Iringa na mikuki, mimi mjukuu wao nimeshindwa na ukuta wa pazia.

Akaushika ule msumari akaugeuza, akacheka mpaka akakohoa, akasema "Mngoni ukimpa drili utaifuata Songea."

Hapo ndipo pa kuangalia mkuu. Akikurudishia utani mlango uko wazi, akicheka tu akanyamaza, usiongeze wa pili, sema shida yako kwa adabu au aga uondoke. Na mimi aliponirudishia niliacha utani palepale. Nikamwambia mzee kweli kabisa naomba drili na biti namba nane, ni matundu sita tu, saa kumi na moja nimeirudisha, na kama una kazi nayo leo nitakuja kesho. Hayo maneno nimeyasema bila kucheka. Watu wengi wanakwama hapa, ombi lote linakuwa ndani ya utani halafu mwenyewe anadhani unamchekesha tu. Niliwahi kumtumia jamaa meseji ya wasapu, "bosi ngazi yako imenikumbuka inataka kuja kunisalimia", akanijibu na viemoji vya kucheka basi, mimi na fundi umeme tumekaa kibarazani tunasubiri ngazi. Jioni namuuliza ananiambia aa kumbe ulikuwa siriasi?

Hilo la "nitakuja kesho" usiliache. Ukishamchekesha mtu inakuwa ngumu kwake kusema hapana, anakupa huku moyo unamuuma, na safari nyingine akikuona unakuja anaingia ndani. Mpe pa kutokea.

Kama hamna utani wa kabila wala usijilazimishe, huwezi kumwambia mtu asiye mtani wako maneno ya mikuki. Msumari uliopinda unatosha, huo unachekesha kabila lolote.

Ila siku hiyo haikuishia vizuri sana. Tundu la tano nimekutana na nondo, nikakaza mkono, biti ikakatika. Shetani akanishauri nirudishe nikiwa na kichekesho. Hapana, kitu cha mtu kikiharibika utani unasubiri. Nilienda duka la vifaa nikanunua nyingine saizi ileile, nikampelekea drili nimeipangusa vumbi, biti mpya na ile iliyokatika mkononi, nikasema mzee nimekukatia biti, samahani, hii hapa nyingine. Akaziangalia zote mbili kimya, mimi jasho linanitoka. Halafu akairudisha mpya mkononi kwangu, akasema baki nayo Mngoni, mimi ninazo sita, ila hiyo iliyokatika niachie niwaonyeshe Wahehe wenzangu kwamba tumeshinda tena.

Tundu la sita mpaka leo sijatoboa, pazia linaning'inia upande mmoja.